Fomu ikikubali nambari ya kadi, imekubali nini hasa?

*Bwana Mhandisi, tuna afisi ndogo ya safari hapa Ngara. Mteja aliye ng'ambo alinisomea nambari ya kadi kwa simu, nikaiandika kwenye fomu ya malipo, ikakataa. Fundi wetu wa kompyuta akabadilisha tarakimu ya mwisho, fomu ikakubali, lakini benki ikakataa malipo. Shida ni ya kadi ama ya benki? Na fundi anasema kuna tovuti ya kupima kadi, tuwe tunaitumia kwanza. Inasaidia?*
*— Dada wa Ngara*

Dada, benki imefanya kazi yake. Aliyekuharibia ni fundi wako, na si yeye peke yake anayefanya hivyo hapa Nairobi. Barua kama yako nazipata kila mara. Ukibadilisha tarakimu ya mwisho ya kadi mara moja baada ya nyingine, kutoka 0 mpaka 9, lazima moja itakubaliwa na fomu. Lazima. Hata ukibuni zile kumi na tano za mbele kutoka kichwani. Kwa hiyo fomu ilipokubali haikuthibitisha chochote kuhusu mteja wako wala pesa zake.

Nambari ya mteja wako sitaiweka hapa. Nitatumia nambari ya majaribio ambayo sisi tunaounda mifumo ya malipo huitumia: 4012 8888 8888 1881. Ile 4 ya mwanzo inaonyesha ni kadi ya Visa. Tarakimu za mwanzo, ile 4 ikiwemo, hutaja benki iliyotoa kadi. Zamani zilikuwa sita, lakini toleo la 2017 la kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 7812 lilizifanya nane, na kampuni za kadi zikaanza kuzitumia hivyo 2022. Zinazofuata ni za akaunti ya mwenye kadi, na katika mfano huu ni 8888188. Inabaki tarakimu moja ya mwisho, 1, ambayo haitaji benki wala mtu. Hiyo ndiyo tarakimu ya ukaguzi, na hupatikana kwa kupiga hesabu juu ya zile kumi na tano zilizoitangulia.

Hesabu yenyewe iliwekwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, aliyeomba hataza ya kifaa cha mkononi cha kuifanya mwaka 1954 na kuipata 1960. Unaanzia kulia. Tarakimu ya mwisho unaiacha ilivyo, inayofuata unaizidisha kwa mbili, ya tatu unaiacha, ya nne unaizidisha, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukizidisha ukapata zaidi ya 9, unatoa 9: nane mara mbili ni 16, ukitoa 9 inabaki 7. Kisha unajumlisha zote, na jumla ikiishia na sifuri, nambari imepita. Mstari wa juu hapa ni kadi, wa chini ni hesabu:

```
4 0 1 2  8 8 8 8  8 8 8 8  1 8 8 1
8 0 2 2  7 8 7 8  7 8 7 8  2 8 7 1   = 90
```

Sasa tuseme mteja alisema 1881 na wewe ukaandika 1818. Kosa la kawaida kabisa, vidole vimewahiana. Kundi la mwisho linakuwa 2, 8, 2, 8 badala ya 2, 8, 7, 1. Jumla inakuwa 92, haiishii na sifuri, na fomu inakataa. Hiyo ndiyo kazi ambayo Luhn aliikusudia: kumwambia anayeandika kwamba kuna mahali amekosea, kabla nambari haijaenda popote.

Watu huniuliza kwa nini tuzidishe kwa mbili badala ya kujumlisha tu. Ukijumlisha tu, 81 na 18 zote ni 9, na tarakimu zilizopishana hazitaonekana kamwe. Kuzidisha moja na kuiacha jirani yake ndiko kunakofanya nafasi iwe na maana. Na kule kutoa 9 nako kuna sababu yake. Katika kuangalia kama jumla inaishia na sifuri, kinachohesabika ni tarakimu ya mwisho tu. Bila kutoa 9, sifuri mara mbili ni 0 na tano mara mbili ni 10, zote zinaishia na 0, basi mtu akiandika 5 mahali pa 0 hesabu isingeona. Ukitoa 9, tarakimu kumi zinageuka kuwa 0, 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7, 9: kila moja na matokeo yake, hakuna mbili zinazolingana. Ndiyo maana ukikosea tarakimu moja pekee, popote pale kwenye kadi, hesabu hii itakukamata bila kukosa.

Turudi kwa fundi wako. Ameona 4012 8888 8888 1818 imekataliwa. Akagusa ya mwisho: 1, 2, 3, akafika 6, alama nyekundu ya kukataa ikatoweka. Tazama alichokifanya:

```
4 0 1 2  8 8 8 8  8 8 8 8  1 8 1 6
8 0 2 2  7 8 7 8  7 8 7 8  2 8 2 6   = 90
```

Jumla ni 90, sawasawa na ile ya kwanza. Lakini sehemu ya akaunti sasa ni 8888181 na si 8888188. Kosa lako la kuandika bado limekaa pale pale. Alichofanya ni kukokotoa upya tarakimu ya ukaguzi ili ikubaliane na kosa. Nambari hiyo ni ya akaunti nyingine kabisa. Huenda haipo, na hapo benki hurudisha jibu la msimbo 14, maana yake hakuna nambari kama hiyo. Huenda ipo, na ni ya mtu asiyejua lolote kuhusu safari yenu ya Mara. Amezima king'ora, dada, na moto ameuacha.

Hesabu yenyewe ina mipaka, na ni vizuri uijue ili usije ukaitegemea kupita kiasi. Tarakimu mbili jirani zikipishana inazikamata zote isipokuwa 09 na 90, kwa sababu sifuri ikizidishwa inabaki 0, na tisa ikizidishwa inakuwa 18, ukitoa 9 inarudi 9. Kwa mpangilio wowote jumla ni ile ile. Tarakimu pacha nazo zina mwanya: ukiandika 55 mahali pa 22 haitaona, wala 66 mahali pa 33, wala 77 mahali pa 44. Na zikipishana kwa kuruka moja, kama 183 kuwa 381, haina habari, kwa kuwa zote mbili ziko kwenye nafasi za aina moja. Haya hayatokei kila siku, ila yanatokea kwa anayesomewa kadi kwa simu yenye mikwaruzo.

Kubwa kuliko hayo ni kwamba kati ya nambari kumi zilizobuniwa ovyo, kwa wastani moja hupita. Kwa hiyo ukiniuliza fomu inamaanisha nini inapokubali, jibu langu ni kwamba inamaanisha mwandishi pengine hakukosea, basi. Fomu haijui kama kadi ilishatolewa, imefungwa, imeisha muda au ina shilingi ngapi. Utajua tofauti kwa macho yako mwenyewe: alama nyekundu ya `Invalid card number` hutokea mara moja unapomaliza kuandika, kabla hujabonyeza kulipa, kwa sababu hesabu inafanyika pale pale kwenye kompyuta yako. Jibu la benki linakuja baada ya kubonyeza, baada ya kusubiri kidogo, na ni benki iliyotoa kadi pekee inayoweza kulitoa.

Ndiyo maana swali lako la pili limenikera, si kwako, bali kwa wanaosambaza ushauri huo. Tovuti ya kupima kadi haina njia halali ya kuiuliza benki ya mteja wako chochote. Kitu inachoweza kufanya ni jumla ile ile niliyoifanya hapo juu kwa kalamu, na kutazama tarakimu za mbele ikutajie jina la benki. Kisha inakuandikia kwa kijani kwamba kadi ni halali, nawe unapumua. Nyingine huomba na tarehe ya kuisha na zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Tatu zile hukokotolewa kwa funguo za siri za benki. Hakuna tovuti ya mtaani inayoweza kuzikagua. Inayoziomba inazikusanya, na wewe unakuwa umemkabidhi mwizi kadi ya mteja aliyekuamini.

Ndugu zao ni wale wanaouza programu za kutengeneza nambari za kadi, wakionyesha kwamba kila nambari inapita ukaguzi. Bila shaka inapita; nimekuonyesha kwamba mtu yeyote mwenye karatasi anaweza kuifanya ipite. Vijana wanalipia hizo programu wakidhani wamenunua pesa. Kinachofuata ni kuzijaribu moja moja kwenye maduka ya mtandaoni, na duka likipitisha nambari nyingi za kukisia, mfumo wa malipo huliona na unaweza kulifungia. Aliyezijaribu naye asidhani ni mchezo, maana Kenya ina sheria ya uhalifu wa mtandao tangu 2018. Wewe usikubali afisi yako ionekane hivyo kwa sababu ya fundi anayegusagusa tarakimu.

Mpigie mteja, akusomee upya kwa makundi ya nne nne, nawe umrudishie kila kundi kabla ya kuendelea. Fomu ikikataa tena, usiguse kitu, anzeni mwanzo. Kama ni ya tarakimu kumi na tano, muulize kama ni American Express, ambayo huanza na 34 au 37. Kama inaanza na 4 na ziko kumi na tano, umeruka moja. Lakini njia ninayoipendelea ni umtumie kiungo cha malipo kutoka kwa benki yako au kampuni inayowapokelea malipo, aandike kadi yake mwenyewe akiwa ameishika mkononi. Na kile kidaftari ulichoandikia nambari yake, hasa kama uliandika na zile tatu za nyuma, chana ukurasa huo leo.