Mirihi haiendewi siku yoyote: kwa walimu wapya wa klabu za anga

Ninyi mnaopokea klabu za anga kwenye sekondari za Moshi na Arusha mwaka huu, jiandaeni kwa swali moja litakalokuja kabla ya mengine yote: "Mwalimu, kama chombo kimeshakamilika, kinangoja nini?" Wakubwa wa klabu hutaja InSight, chombo cha NASA kilichokuwa kiende Mirihi Machi 2016 na kikaja kuondoka Mei 2018. Na mara nyingi kuna mmoja anayejibu kabla yenu kwamba kinangoja Mirihi isogee karibu na Dunia. Jibu hilo limeenea sana, na si sahihi. Ling'oeni mapema, maana likishaota mizizi hesabu zote zinazofuata zitaonekana mazingaombwe.

Anzeni na mwendo wa Dunia yenyewe. Kila kilichopo hapa, roketi ikiwemo, tayari kinalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Kwenda "moja kwa moja" hadi Mirihi kungetaka kuufuta mwendo huo wote kwanza, na hakuna roketi yenye mafuta ya kufanya hivyo. Kinachowezekana ni kuutumia. Ukishatoka kwenye mvuto wa Dunia, ukiwa umebakiwa na ziada ya kama kilomita 2.9 kwa sekunde upande uleule Dunia inakoelekea, njia yako inavutika na kuwa duaradufu: ncha moja inagusa njia ya Dunia, ncha nyingine inagusa njia ya Mirihi, upande wa pili kabisa wa Jua. Mjerumani Walter Hohmann aliichapisha hesabu hiyo mwaka 1925, ndiyo maana njia hiyo inaitwa kwa jina lake. Baada ya msukumo huo injini inazimwa. Chombo kinaelea, kikilizunguka Jua kama sayari ndogo, kwa siku zipatazo 259.

Hapo ndipo wanafunzi hupotea ukibaki ubaoni. Tokeni nje. Uwanja wa netiboli unatosha. Chukueni vigingi viwili, chokaa au majivu, na kamba ya katani. Ya nailoni inavutika na itawaharibia vipimo. Kigingi cha kwanza ni Jua. Kutoka hapo chora duara la nusu kipenyo cha mita 2, hiyo ni njia ya Dunia, na duara la mita 3 na sentimita 5, hiyo ni ya Mirihi. Sasa chora njia ya chombo. Chagua mahali pa kuondokea kwenye duara la Dunia. Kigingi cha pili kipige mita 1 na sentimita 5 kutoka kwenye Jua, upande wa mbali na hapo pa kuondokea. Funga ncha za kamba kwenye vigingi vyote viwili, ukiacha katikati yake urefu wa mita 5 na sentimita 5, ikaze kwa kijiti na uzungushe nusu. Kamba ikikazwa vizuri, mstari unaanzia kwenye duara la ndani na kuishia kwenye la nje, bila kulikata. Ukilikata, kigingi cha pili hakiko mahali pake.

Weka mwanafunzi mmoja awe Dunia, mwingine Mirihi, na wa tatu awe chombo. Wote wanakwenda kinyume cha saa. Kwa kila siku 30 unazozitangaza, Dunia anasogea sentimita 103 kwenye duara lake na Mirihi anasogea sentimita 84 kwenye la kwake. Chombo ana kazi ngumu kidogo kwa sababu haendi kwa mwendo mmoja: anaanza haraka, anapunguza kadiri anavyopanda mbali na Jua, na anatakiwa afike ncha ya pili katikati ya mwezi wa tisa. Mruhusu akisie.

Jaribio la kwanza waachie wenyewe wachague. Klabu karibu zote zitawapanga Dunia na Mirihi kwenye mstari mmoja na Jua, sayari zikiwa karibu kabisa, kisha watapiga kelele "rusha!" Endeleeni hadi siku ya 259. Chombo atakuwa amefika kwenye njia ya Mirihi, nyuzi 180 kutoka alikoanzia, na Mirihi hayupo. Kwa siku hizo Mirihi huzunguka nyuzi 136 tu, kwa hiyo yuko nyuma zaidi ya mita mbili uwanjani. Angani pengo hilo ni zaidi ya kilomita milioni 170. Hapo nyamazeni kidogo, waacheni wabishane. Kuna atakayesema Mirihi angewekwa mbele kiasi kilekile alichobaki nyuma, na huyo amemaliza kazi: 180 kutoa 136 ni nyuzi 44. Mirihi akianza akiwa nyuzi 44 mbele ya Dunia, yaani mita 2 na sentimita 36 kwenye duara lake, yeye na chombo wanafika pamoja.

Sababu ya kungoja iko ndani ya hizo nyuzi 44. Dunia hutembea karibu nyuzi 0.99 kwa siku, Mirihi 0.52. Kila siku Dunia inaipunguzia Mirihi pengo kwa nyuzi 0.46 hivi. Mkao wa nyuzi 44 ukikupita, huwezi kurudi nyuma kuuchukua. Lazima Dunia iizidi Mirihi mzunguko mzima, nyuzi 360, ndipo mkao urudi. Gawanya 360 kwa 0.4616 unapata siku 780, karibu miezi 26. Wanaopenda kanuni waandikieni hivi, siku 365.25 zikiwa mwaka wa Dunia, 687 mwaka wa Mirihi, na S siku za kungoja mkao urudi:

```
1/S = 1/365.25 - 1/687
```

Na kwa kuwa nyuzi 44 zikipunguzwa kwa 0.46 kila siku zinaisha kwa siku 96, sayari huja kukaribiana takriban miezi mitatu baada ya wakati wa kurusha. Kwa hiyo Mirihi inapong'aa kuliko wakati wowote usiku kucha, dirisha, yaani muda wa kurusha, limeshafungwa.

Hili linaweza kuonekana kwa macho matupu kutoka hapa kwetu, na binafsi ndilo ninalolipenda kuliko hesabu zote. Chora pembetatu ya Jua, Dunia na Mirihi ikiwa nyuzi 44 mbele: utaona kwamba kwa mtu aliye duniani, Mirihi iko karibu nyuzi 95 kutoka kwenye Jua. Maana yake inachomoza kwenye saa sita usiku, na alfajiri iko karibu na utosi. Sisi tulio jirani na ikweta, utosi wa saa kumi na mbili asubuhi unaelekea kulekule Dunia inakokimbilia. Mkao unaofuata ni wa Novemba 2026, kwa sababu Mirihi itakuwa mkabala na Jua, wakati sayari zinapokaribiana, tarehe 19 Februari 2027. Novemba ni vuli, mawingu hayaepukiki, lakini Moshi anga hufunguka alfajiri mara nyingi kuliko jioni, wakati uleule mlima unapojitokeza. Amsheni wanafunzi wa bweni saa kumi na moja.

Msije mkawaachia imani kwamba nyuzi 44 ni sheria kavu. Uwanjani tumechora maduara. Kwa kweli njia ya Mirihi ni duaradufu, nayo imeinama karibu nyuzi 2 ukilinganisha na ya Dunia. Mwinamo huo mdogo unaifanya safari ya nyuzi 180 kamili kuwa ghali, kwa hiyo wapangaji huchagua njia fupi kidogo au ndefu kidogo kuliko nusu duara, na wakiwa na roketi yenye nguvu ya ziada hununua siku. Chombo cha NASA cha Perseverance kiliondoka tarehe 30 Julai 2020 kikatua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, siku 203. Ndiyo maana pia dirisha si siku moja bali ni wiki kadhaa. Nje ya wiki hizo nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi, mpaka chombo kilekile hakibebeki tena na roketi ileile. Mwaka huohuo wa 2020, Falme za Kiarabu, China na Marekani zote zilirusha vyombo vyao vya Mirihi mwezi Julai, ndani ya wiki mbili. Hazikupanga kufanya hivyo pamoja.

Kwa InSight, dirisha lilikuwa Machi 2016. Desemba 2015 ilionekana kwamba chombo cha ndani yake cha kupimia mitetemo, kilichotakiwa kukaa kwenye ombwe, kilikuwa kinavuja. Uvujaji ulirekebishika, lakini si ndani ya wiki zilizobaki. Mafundi walihitaji miezi kadhaa, anga ikawapa 26, na gharama ikaongezeka kwa zaidi ya dola milioni 150. Hiyo ndiyo bei ya kuchelewa kidogo.

Kuna ujanja wa kungojea angani badala ya kungojea stoo. Tarehe 13 Novemba 2025, nje kabisa ya dirisha, vyombo viwili vidogo vya mradi wa ESCAPADE vilirushwa na roketi ya New Glenn. Havikuelekea Mirihi. Vilitumwa kukaa mbali kidogo na Dunia, virudi kupita karibu nayo Novemba 2026 na kusukumwa kuelekea Mirihi dirisha likifunguka. Kungoja kuko palepale, kumehamishwa tu.

Kuhusu sayari nyingine, mtashangaza darasa kwa Mshtarii. Wengi hudhani iliyo mbali zaidi inangojewa zaidi. Wapeni kanuni ileile na mwaka wa Mshtarii, siku 4,333, watapata siku 399. Sayari iendayo polepole haikimbii, kwa hiyo Dunia inaifikia tena baada ya mwaka na mwezi hivi. Mirihi inasumbua kwa sababu mwendo wake unakaribia wetu.

Zoezi la nyumbani liwe safari ya kurudi, na msiwape jibu. Chombo kikifika Mirihi, Dunia imezunguka nyuzi 255, hivyo iko nyuzi 75 mbele ya Mirihi. Ili kurudi kwa njia ya aina ileile, Dunia lazima iwe nyuzi 75 nyuma ya Mirihi siku ya kuondoka. Jibu sahihi ni kungoja Mirihi karibu siku 454, na safari nzima inakuwa kama siku 970. Atakayeleta 326 hajakosea kugawanya. Ameirudisha Dunia nyuma kwenye duara lake, kwa hiyo mrudisheni uwanjani aitembeze.