Ukitagiwa swali la kuku usilolijua

Juzi nimetagiwa tena kwenye grupu letu la wafugaji, saa tatu usiku. Kijana ana kuku wa mayai 400, wiki ya 32, walikuwa wanampa trei 11 kwa siku, ndani ya siku nne wameshuka mpaka trei 7 na mengine yanatoka maganda laini kama karatasi. Akaandika "kaka naomba msaada wako wewe mzoefu". Sasa mimi nafuga kuku wa nyama. Wa mayai nawajua kwa kuwaona kwa jirani tu.

Zamani ningejibu hapohapo. Kichwani jibu lilishakuja, bronkaitisi hiyo, mpe antibayotiki na vitamini, maana ndiyo nasikia watu wanasema mayai yakishuka.

Nilichomjibu ni hiki: "Mdogo wangu pole sana, wa mayai sijawahi kufuga, nikikwambia dawa nitakuwa nakubahatishia. Usinunue chochote kwanza. Kuna daktari wa mifugo humu anashika mabanda ya kuku wa mayai, namuuliza kama ana nafasi. Wakati tunasubiri nitajie: wamekufa wangapi, kuna wanaokohoa, chanjo ya mwisho ya kideri lini, na kuna kitu umebadilisha wiki hizi mbili?"

Halafu nikaenda inboksi kwa daktari, nikamuuliza nikutagi au hapana. Hii watu hawafanyi, wanamwaga namba ya mtu hadharani, kesho anapigiwa na watu 20 na keshokutwa anajitoa kwenye grupu, na mimi nishampoteza mtaalamu mmoja hivyohivyo kwa ujinga wangu. Aliposema sawa nikamtagi na kumpangia yote kwenye ujumbe mmoja: 400, wiki 32, trei 11 hadi 7, hakuna vifo, hakuna kikohozi, chanjo ipo. Hakulazimika kusoma komenti 60 za "pole kaka" na "jaribu mwarobaini".

Akauliza swali moja tu, piga picha lebo ya mfuko wa chakula. Kumbe kijana chakula kiliisha, duka likampa cha kukuzia, akaona si chakula tu! Cha kukuzia kina kalsiamu kama asilimia 1, kuku anayetaga anahitaji karibu 4. Hapo antibayotiki yangu ingefanya nini, zaidi ya kumla hela na kumfanya asiuze hata yale mayai machache mpaka siku za dawa ziishe?

Nisijisifu sana maana nilijifunza kwa hasara ya mtu. Mwaka juzi dada mmoja alinitagi, vifaranga 300 wa wiki ya nne wamejikunyata, kinyesi cheupe cha majimaji. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "hiyo koksi, nunua dawa ya koksi". Sikuuliza kama kuna damu kwenye kinyesi, sikuuliza chanjo. Ilikuwa Gumboro, ambayo ni kirusi na haina dawa, ila umri wake unapishana na wa koksi ndiyo maana tunachanganya. Walikufa 180. Utasema wangekufa tu hata ningenyamaza, na mimi nilijiambia hivyohivyo nikalala. Kilichoniuma kilikuja baadaye, kwa sababu aliamini ni koksi alibadilisha maranda, akafagia, akaleta wengine 200 bila chanjo ya Gumboro, na kirusi kile kinakaa bandani miezi. Wakaondoka na wao. Hajanitagi tena na salamu zangu hajibu.

Angekuwa ametagi leo ningemwambia sijui, chukua mmoja aliyekufa sasa hivi, mfunge kwenye mfuko, weka kwenye ndoo na barafu lakini usimgandishe, umpeleke leoleo maabara ya TVLA pale Temeke au kwa daktari aliye karibu ampasue. Kwa Gumboro anaangalia kifuko kilicho juu ya tundu la haja na damu kwenye misuli ya mapaja, kwa koksi anaangalia utumbo. Mimi kwa picha ya simu sioni hata kimoja.

Kwa hiyo ndugu yangu mfugaji, ukitagiwa usichokijua sema mapema, usikae kimya siku mbili eti unaona aibu, kuku hawasubiri aibu yako. Usiseme "muulize daktari" ukaishia hapo, daktari yupi? Na yule uliyemuelekeza akichelewa rudi useme kachelewa, tafuteni afisa mifugo wa kata.

Kijana wa trei 7 amebadilisha chakula jana. Kaniambia leo maganda bado laini, nikamwambia daktari alisema ampe siku kadhaa, mengine amuulize yeye.