Ruhusa ya saa chache kila wiki

“Kila Jumatano mchana nampeleka mama kliniki, kwa wiki 12. Niombeje ruhusa bila kumaliza likizo yangu?”

Ndugu, kwanza muulize ofisa utumishi kama likizo hukatwa kwa saa au kwa nusu siku, kwa sababu saa 3 kwa wiki 12 ni saa 36, yaani siku 4 na nusu kwa anayefanya kazi saa 8 kwa siku, ilhali nusu siku 12 zitakula siku 6. Kisha omba mara moja kwa kipindi chote: “Naomba ruhusa kila Jumatano, saa 8 mchana hadi saa 11 jioni,” ukiambatisha tarehe zote 12 na jina la atakayekushikia kazi. Kliniki ikiahirishwa, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa maandishi. Mimi niliwahi kukatwa saa za Jumatano niliyoshinda kazini.