Minyoo ya safura: kutoka udongoni hadi utumboni

Daktari, nimeambiwa minyoo ya safura huingilia miguuni. Mimi nilidhani minyoo yote huliwa na chakula kichafu.

Aliyekuambia yuko sahihi, ingawa aina moja, Ankilostoma duodenale, inaweza pia kumezwa. Yai lililotoka na kinyesi haliambukizi. Likipata udongo wenye joto, unyevu na kivuli, huanguliwa baada ya siku 1 au 2 na kutoa lava, yaani mnyoo mchanga. Lava hula bakteria na kukua, na ndani ya siku 5 hadi 10 anakuwa tayari kupenya ngozi. Kuanzia hapo hali tena. Huishi kwa akiba ya mwilini, wiki 3 au 4 mazingira yakimfaa. Jua kali na ukavu humuua. Mtafiti Arthur Looss, akiwa Kairo, alidondokewa mkononi na maji yenye lava hawa. Ngozi ilimwasha, na baadaye akakuta mayai ya minyoo hiyo katika kinyesi chake mwenyewe.

Kutoka mguuni hadi tumboni ni mbali. Anafikaje?

Kwa damu, na njia yake ni ya kuzunguka. Lava huingia kwenye mishipa, hupita upande wa kulia wa moyo, kisha hufika mapafuni. Huko hutoboa vifuko vya hewa, hupanda koo la hewa hadi kooni, nasi tunammeza bila kujua. Ndiyo maana baadhi ya watu huwashwa miguu kwanza, kisha hukohoa siku kadhaa baadaye. Akifika utumbo mwembamba huuma ukuta wake na kukomaa. Mayai huanza kuonekana chooni kama wiki 5 au zaidi baada ya lava kupenya ngozi, kwa hiyo kipimo cha mapema kinaweza kukosa kitu.

Mnyoo wa sentimita 1 atammalizaje mtu damu?

Mmoja hawezi. Mnyoo mmoja wa Nekata amerikanus, aina nyingine ya safura, humpotezea mtu takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Wakiwa 100, ni mililita 3, zenye karibu miligramu 1.5 za madini ya chuma. Sehemu ya madini hayo hufyonzwa tena utumboni, lakini mwili kwa kawaida hupata miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula. Mjamzito na mtoto, ambao akiba yao ni ndogo, huishiwa mapema. Ankilostoma hunyonya mara kadhaa zaidi.

Nilimeza albendazole, miezi kadhaa baadaye mayai yakaonekana tena. Dawa ilikuwa mbovu?

Si lazima. Minyoo hii haizaliani na kuongezeka ndani ya mwili. Kila mmoja uliye naye aliingia peke yake kama lava. Dawa huua walio utumboni, haiwagusi walio udongoni, na mwili haujengi kinga ya kutosha kuwazuia wengine. Ungepimwa wiki 2 au 3 baada ya dawa na mayai yakaonekana, ningesema kuna waliosalimika, maana wapya wasingekuwa wamekomaa. Baada ya miezi, ninashuku zaidi udongo unaoukanyaga.