Ukitua Guangzhou, Usiing'oe Laini ya Nyumbani

Alhamisi iliyopita, alfajiri, niliamshwa na meseji. Meseji ya kawaida, siyo ya WhatsApp, namba inaanza na +86. "Shikamoo dada. Nimetua Guangzhou. Nimenunua laini hapahapa uwanjani, mtandao upo lakini WhatsApp haifunguki, Google haifunguki. Wakala simpati. Nifanyeje?"

Nikamjibu kwa swali moja tu: laini ya Bongo iko wapi?

"Nimeitoa. Iko kwenye pochi."

Nilicheka peke yangu kitandani, halafu nikaacha kucheka, maana huyo ndiye mimi wa mwaka 2018. Safari yangu ya kwanza ya kufuata mikoba kwenye masoko ya Sanyuanli, hukohuko Guangzhou, nimesimama nje ya uwanja wa Baiyun na begi tupu la kilo 23, nimeng'oa laini yangu kama nilivyoona wenzangu wakifanya Dubai, nimeweka ya Kichina, na sina namna ya kumwambia mtu yeyote kwamba nimefika. Mume wangu alikaa siku nzima anajua ndege imeanguka.

Kwa hiyo nitaeleza kama ningependa kuelezwa mimi siku ile.

China wamefunga WhatsApp, Google, Gmail, Facebook na Instagram. Hilo wengi mnalijua. Msilolijua ni kwamba kinachofungwa ni intaneti inayotokea China. Laini uliyonunua pale uwanjani inatokea China, waifai ya hoteli inatokea China, ya mgahawani vilevile. Lakini laini yako ya Tanzania ikiwa kwenye romingi, yaani inatumia minara ya nchi ya watu, haitokei China, hata kama umesimama katikati ya mtaa wa Xiaobei pale Guangzhou. Fikiria kontena la Lubumbashi linavyopita bandari ya Dar: limeshushwa hapa, limepandishwa lori hapa, barabara ni yetu, lakini lina lakiri na halifunguliwi mpaka lifike Kongo. Data ya romingi inasafiri hivyohivyo. Mnara wa Kichina unaibeba ikiwa imefungwa mpaka kwenye mitambo ya kampuni yako ya simu huku nyumbani, na huku ndiko inakofunguliwa na kuingia kwenye intaneti. Ndiyo maana WhatsApp inafunguka. Na ndiyo maana inakuwa nzito kidogo, kwa sababu kila picha ya mkoba unayomtumia mteja imezunguka mpaka nyumbani kwanza.

Yule binti nilimwambia arudishe laini yake, awashe sehemu iliyoandikwa "Data Roaming" kwenye mipangilio, asubiri. Dakika kumi kimya. Kisha akapiga, kwa WhatsApp, nikasikia honi za teksi nyuma yake. Alikuwa na bahati kwamba alishanunua bando la romingi kabla ya kuondoka, dada yake alimlazimisha. Angekuwa hana, ningekuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia.

Kukosa bando ndiko kulikonilia hela mimi. Mwaka ule ule wa 2018, niliporudisha laini yangu, nilikuwa na salio la shilingi elfu ishirini na sina bando la romingi. Niliona ni nyingi. Mkoba wa kwanza haujanunuliwa, salio sifuri. Sikuwa nimefungua chochote! Simu ndiyo iliyofungua: ilikuwa inapandisha picha zote nilizopiga ndani ya ndege kwenye hifadhi yake ya mtandaoni, huku inasasisha apu sita nyuma ya pazia. Bila bando unakatwa kwa kila megabaiti, na simu janja haijui kwamba uko ugenini.

Nunua bando ukiwa bado nyumbani. Menyu zile za nyota na alama ya reli mara nyingi zinagoma ukiwa nje, na apu ya kampuni ya simu inataka intaneti, ambayo ndiyo unayoitafuta. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa: siku zinaanza kuhesabiwa unaponunua au unapotua, na bando linakubali mtandao gani kule. Hili la pili ndilo watu wanalipuuza. China ina mitandao mikubwa mitatu, China Mobile, China Unicom na China Telecom, na bando lako linaweza kuwa limefungwa kwa mmoja tu. Simu ikishatua inajishika kwenye wowote wenye nguvu. Utajuaje imeshika usiohusika? Alama za mtandao zimejaa ila hakuna kinachofunguka, au mbaya zaidi, kinafunguka lakini salio la kawaida ndilo linalopungua na bando limekaa vilevile. Hapo ingia kwenye mipangilio ya mitandao, zima ile ya kuchagua yenyewe, subiri dakika moja au mbili orodha ije, uguse ule uliotajiwa. Na kabla hujapanda ndege zima upandishaji wa picha na usasishaji wa apu. Zima kabisa, usiseme "nitazima nikifika". Hutazima. Ukifika utakuwa kwenye foleni ya uhamiaji na miguu imevimba.

Je, laini ya Kichina haina maana? Ina maana, tena sana, ukikaa zaidi ya siku mbili tatu. Bei yake ni nafuu kuliko romingi, na Alipay, ramani za kule na teksi za Didi zinakwenda haraka. Namba ya kule pia inakusaidia wauzaji wakupate. Simu yenye sehemu mbili za laini ndiyo rafiki yako: ya nyumbani inabaki, ya Kichina inaingia ya pili, na kwenye mipangilio unachagua ipi itoe data. Ukitaka WhatsApp unahamishia kwa ya nyumbani, ukimaliza unarudi. Hata siku ambazo bando la romingi limeisha, iache ndani na uzime "Data Roaming" tu. Itaendelea kupokea meseji, na benki yako inapotuma namba za kuthibitisha malipo inazituma kwenye namba hiyo, haijui habari za Uchina. Ila usipokee simu ovyo, romingi inakata hata anayepigiwa.

Pale kaunta ya kununulia laini watataka pasipoti, watapiga picha uso wako, hilo ni la kisheria, usigombane nao. Goma kuondoka kabla hujajaribu, lakini jaribu kwa akili. Mara moja mhudumu wa kaunta fulani aliniunganishia simu, akanionyesha ukurasa unafunguka, nikalipa, nikatoka. Nimefika kwenye teksi, hakuna kitu. Kumbe pale kaunta simu ilikuwa imeshika waifai yao! Sasa hivi nazima waifai kwanza, nafungua tovuti ya Kichina, baidu.com, na data yenyewe, ndipo natoa hela. Usijaribu kwa WhatsApp, haitafunguka hata laini ikiwa nzima, utamtukana mtu wa watu bure.

Kuna wanaoniuliza kuhusu eSIM, ile laini isiyo na kadi, unayoipakua kwenye simu. Za wasafiri nyingi zinatokea nje ya China, kwa hiyo WhatsApp inafunguka kama kwenye romingi, na mara nyingi bei ni nafuu. Bonyeza *#06#, ukiona mstari ulioandikwa EID, simu yako inazikubali. Iweke ukiwa nyumbani, maana inapakuliwa kwa intaneti. Na wenye aifoni zilizotoka China bara, hizi zenye nafasi mbili za laini za kawaida ambazo zimejaa Kariakoo, msihangaike: nyingi hazina eSIM.

Sasa nije kwenye lililonitoa machozi.

Mwaka 2024 nilikuwa naunganisha ndege kwenye uwanja mmoja, sitautaja. Saa tatu za kusubiri. Niliona nibanie bando langu, nikafungua orodha ya waifai. Kulikuwa na mbili zenye majina yanayofanana, tofauti ni kistari cha chini tu. Nikagusa iliyokuwa na nguvu zaidi. Ukatokea ukurasa mzuri, una picha ya ndege, unaomba namba ya simu ili nitumiwe namba za kuingilia. Hilo ni jambo la kawaida, viwanja vingi vinafanya hivyo. Nikaweka namba yangu. Sekunde chache, meseji ikaingia, namba sita. Nikazinakili kwenye ule ukurasa. Ukasema subiri. Nikasubiri.

Sikuisoma ile meseji. Niliona namba sita zikichungulia juu ya kioo, nikazikariri kwa macho, nikaandika. Ningeisoma ningeona neno WhatsApp liko palepale, pamoja na onyo la kutompa mtu yeyote. Mtu wa upande wa pili alichukua namba yangu, akaiandika kwenye simu yake kana kwamba anasajili WhatsApp, na WhatsApp ikanitumia mimi namba za uthibitisho. Nami nikampelekea kwa mkono wangu. Hakuvunja chochote. Watu wanadhani kwenye waifai za bure unaibiwa kwa kudukuliwa hewani, na zamani ilikuwepo sana. Siku hizi benki na WhatsApp zinayafumba mawasiliano yao yasisomeke njiani. Wanachotaka ni wewe uandike.

Niliposhtuka WhatsApp imenitoa, nikaomba namba mpya, nikaziweka. Yule alitolewa hapohapo. Lakini alishaweka PIN yake ya hatua ya pili, yaani namba ya siri inayoulizwa baada ya zile sita, na bila kuijua WhatsApp inakusubirisha siku saba. Siku saba niko China, wateja wangu wananiona kimya. Na katika zile dakika chache alizokuwa ndani aliwaandikia watu: "Nimekwama forodha, nitumie kwenye namba hii." Mteja wangu wa Mwanza alituma shilingi 640,000. Nilimlipa kutoka mfukoni. Hakuna aliyenirudishia mimi.

Nendeni sasa hivi kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, muweke hiyo PIN ya hatua mbili ninyi wenyewe kabla mwizi hajaiweka. Nilikuwa nimeambiwa nikaona ni usumbufu. Ningekuwa nayo, zile namba sita zisingemtosha. Halafu uwanjani muulize mtu mwenye sare jina kamili la waifai yao. Ukurasa ukiomba namba ya simu, sawa, ila soma meseji mpaka mwisho ujue imetoka kwa nani kabla hujaandika kitu. Ukurasa ukiomba neno la siri la barua pepe, au namba za kadi kwa waifai iliyoandikwa ya bure, au kukutaka upakue apu, funga. Simu ikikuonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze kuendelea. Ukimaliza, iambie simu iusahau mtandao huo, la sivyo safari ijayo itaushika yenyewe ukiwa umeiweka mfukoni.

Mambo ya benki na kutuma hela nafanya kwa data ya laini yangu tu, hata ikinigharimu.

Yule mteja wa Mwanza tunafanya biashara mpaka leo. Ila akitaka kunitumia hela hupiga simu ya kawaida kwanza, ananiuliza mkoba wa kwanza kabisa aliochukua kwangu ulikuwa wa rangi gani. Mimi namjibu, wa ugoro, mkanda wa mnyororo. Ndipo anatuma.