Nimelipa milioni 6, mbona deni limepungua milioni 3 tu?

"Wakuu naombeni ufafanuzi. Mimi ni mtumishi, nilikopa milioni 10 benki, riba 18% kwa mwaka, miaka mitano, nakatwa 253,934 kila mwezi. Nimetimiza miaka miwili, nimeshalipa zaidi ya milioni 6. Juzi nimeulizia deni naambiwa bado milioni 7 na ushee. Je, nimepigwa? Nina milioni 1 ya mavuno, niipeleke kupunguza deni au niachane nao? Na kuna afisa ananishawishi niongeze mkopo."

Mkuu, mimi ni mwalimu na nimekuwa mweka hazina wa SACCOS yetu kwa miaka minne. Siku niliyopewa salio la mkopo wangu wa kwanza nilitoka benki nimevimba kwa hasira, nikakaa chini ya mti nje ya tawi nikiwa nimeshika ile karatasi ya ratiba ya marejesho ambayo sikuwahi kuisoma tangu siku ya kusaini. Kilichonifungua macho ni kalkuleta ya simu na mstari mmoja mmoja. Tufanye hivyo hivyo kwa mkopo wako.

Ratiba yako ina safu nne: rejesho, riba, deni la msingi na salio. Asilimia 18 kwa mwaka ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza umekaa na milioni 10 kamili ya watu, kwa hiyo riba ya mwezi huo ni 150,000. Wewe umekatwa 253,934. Toa 150,000, inabaki 103,934, na hiyo ndiyo pekee iliyopunguza deni. Salio linakuwa 9,896,066. Mwezi wa pili asilimia 1.5 inapigwa kwenye salio hilo jipya, sio kwenye milioni 10 tena: riba 148,441, na deni la msingi linapata 105,493. Mwezi wa tatu riba inashuka tena kidogo, na kilichoshuka kwenye riba kinahamia kwenye deni la msingi. Ni hivyo hivyo hadi rejesho la 60, ambapo riba ni kama 3,753 tu na karibu hela yote inaenda kwenye deni.

Watu wengi mtaani wanasema benki "inajilipa riba kwanza", kana kwamba wamekusanya riba ya miaka mitano na kuisogeza mbele. Hapana. Kila mwezi unalipia riba ya mwezi huo tu, kwa hela uliyokaa nayo mwezi huo. Mwanzoni ni kubwa kwa sababu deni ni kubwa. Asilimia haijabadilika hata siku moja.

Sasa kwa nini deni la msingi linapata kidogo hivyo mwanzoni? Kwa sababu rejesho limesawazishwa. Fikiria ungeambiwa urudishe milioni 10 kwa vipande 60 vilivyo sawa: 166,667 kila mwezi, juu yake uweke riba ya salio. Rejesho la kwanza lingekuwa 316,667, la mwisho lingekuwa 169,167. Jumla ya riba ingekuwa 4,575,000, wakati kwa mkataba wako ni kama 5,236,000. Njia hiyo ya vipande sawa ni nafuu kwa jumla, lakini mwezi wa kwanza unaumiza. Na sisi watumishi wa umma tuna ile kanuni kwamba baada ya makato yote lazima ubakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwa hiyo wengi wetu 316,667 ingegoma kabla hata fomu haijafika kwa mwajiri. Benki inatafuta kiasi kimoja kisichobadilika ambacho kikikatwa mara 60 deni linaisha sifuri. Kiasi hicho kinabana mwanzoni, na kinachobanwa ni sehemu ya deni la msingi, kwa sababu riba haisubiri.

Kwa mkopo wako, hadi mwezi wa 14 riba ilikuwa inachukua zaidi ya nusu ya kila rejesho. Mwezi wa 15 ndipo deni la msingi lilipoipita riba. Baada ya marejesho 24 umelipa 6,094,422. Kati ya hizo, 3,118,418 ni riba na 2,976,004 ndizo zilizopunguza deni. Salio linatakiwa kuwa 7,023,996. Kama karatasi uliyopewa inakaribia hapo, hujapigwa. Na usishangae ukiona nusu ya deni, yaani milioni 5, haijaisha hadi rejesho la 37.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua Excel uandike:

```
=PMT(18%/12,60,-10000000)
=IPMT(18%/12,24,60,-10000000)
```

Ya kwanza inakupa rejesho, ya pili inakupa riba ya mwezi wa 24. Badilisha hiyo 24 uone mwezi wowote. Kama huna kompyuta, kuna kipimo cha haraka: chukua salio la mstari wowote, zidisha kwa 0.015, jibu liwe sawa na riba ya mstari unaofuata. Likikataa, hapo una swali la kuwauliza. Mara nyingi jibu linakuwa tarehe. Mkopo uliingia katikati ya mwezi na makato yakaanza mwisho wa mwezi uliofuata, zile siku za ziada zikahesabiwa riba. Au mwezi mmoja makato hayakupita na riba ikaendelea kutembea. Vyote viwili vinafanya salio lizidi ratiba.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye safu ya riba: ukikuta namba ni ile ile kutoka juu hadi chini, huo ni mkopo wa riba ya flati, ambapo riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hata ukiwa umeshalipa nusu. Pale SACCOS nimewahi kuletewa na mwanachama tangazo la mkopo wa "asilimia 10 tu", akitaka kutuhama kwa sababu sisi tulikuwa juu ya hapo. Nikamfanyia hesabu mezani. Milioni 10 kwa asilimia 10 ya flati, miaka mitano, riba ni milioni 5, rejesho 250,000. Linganisha na lako la asilimia 18 ya salio linalopungua: 253,934. Tofauti ni kama shilingi elfu nne kwa mwezi! Asilimia bila kujua inapigwa kwenye nini haikuambii kitu.

Tuje kwenye milioni yako. Mimi nasema ipeleke, lakini sikiliza kilichonikuta. Niliuza mpunga, nikaweka hela kwenye akaunti ile ile inayokatwa mkopo, nikijua deni limeshuka. Miezi mitatu baadaye naomba salio, liko pale pale ratiba ilipolitaka. Hela ilikuwa imekaa tu kwenye akaunti. Hakuna aliyeiba, ila mfumo unachukua rejesho la mwezi na kusubiri mwezi ujao, hauwezi kujua kwamba ile ya ziada ni ya deni. Inabidi uandike barua au ujaze fomu ya kulipa sehemu ya deni kabla ya wakati, na ueleze jambo moja ambalo wengi hawaulizwi: unataka ipunguze muda, au ipunguze rejesho?

Kwa namba zako tofauti ni hii. Ukilipa milioni 1 leo, salio linakuwa 6,023,996. Ukiacha rejesho lile lile la 253,934, unamaliza kwa marejesho 30 badala ya 36, na la 30 lenyewe ni dogo, kama 137,600. Riba uliyookoa ni takribani 640,000. Ukichagua kupunguza rejesho na kubaki na miezi 36, utakatwa kama 217,800 kwa mwezi, unapumua kidogo, lakini umeokoa takribani 301,000 tu. Kama mshahara unakutosha kwa makato ya sasa, omba wapunguze muda. Kabla ya kusaini soma kwenye mkataba kama kuna ada ya kulipa mapema, uitoe kwenye hiyo 640,000 uone kinachobaki.

Na kuna watu watakwambia "umeshachelewa, riba umeshaimaliza". Si kweli, bado kuna zaidi ya milioni 2.1 ya riba kwenye hayo marejesho 36. Kweli ni kwamba milioni hiyo hiyo ukiilipa mwaka wa mwisho itaokoa kidogo, maana itakuwa imepunguza deni kwa miezi michache tu.

La huyo afisa ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu nimeona walimu wenzangu wakifanya mara tatu mfululizo. Anachokupa ni hivi: mkopo mpya wa milioni 10, miaka mitano, rejesho lile lile la 253,934, "hutasikia tofauti". Kati ya hiyo milioni 10, 7,023,996 inaenda kufuta deni la zamani. Mkononi unashika 2,976,004, kabla hawajakata bima na ada, na hizo zinahesabiwa kwenye milioni 10 nzima. Ulikuwa umebakiza marejesho 36, sasa unabakiza 60. Yaani umeongeza marejesho 24, ambayo ni 6,094,422, kwa kushika pungufu ya milioni 3. Riba yako inarudi 150,000 kwa mwezi kama ulivyoanza, wakati mwezi huu ingekuwa 105,360.

Sikukatazi, kama ni ada ya mtoto au matibabu wewe ndiye unajua nyumba yako. Ila muombe akuchapishie ratiba mpya kabla ya kusaini, uiweke kando ya ile ya zamani, uangalie mstari wa 25 kwenye ya zamani na mstari wa 1 kwenye mpya. Na ukimaliza kulipa ile milioni, rudi baada ya rejesho linalofuata uchukue taarifa ya mkopo. Riba ya mwezi huo inatakiwa isomeke kama 90,360. Ukikuta 105,360, hela yako bado imekaa kwenye akaunti.