Feni ya rejeta isiyowaka kabisa: pima mota, kisha swichi ya joto, kisha rilei

Gari linachemsha kwenye foleni, likikimbia barabarani geji ya joto inashuka, na feni ya rejeta haijazunguka hata mara moja. Dalili hizo zikikutana, feni ndiyo ya kuangalia kwanza, kwa sababu mwendo wa gari unaleta upepo wake wenyewe na feni inahitajika hasa gari likisimama. Kama linachemsha hata kwenye mwendo wa kasi, tatizo liko kwingine: maji, thamostati, rejeta iliyoziba au gasketi ya silinda hedi.

Mfano wetu ni Corolla ya miaka ya 1990, zile za injini ya 4A au 5A ambazo bado zimejaa barabarani kwetu. Tumeichagua kwa sababu mfumo wake wa feni unawapoteza wanafunzi wengi wa gereji. Kwenye magari mengi ya zamani swichi ya joto imekatika injini ikiwa ya baridi, na maji yakipata moto inaunganisha, rilei inavuta, feni inawaka. Kwenye Corolla hizi ni kinyume. Maji yakiwa baridi swichi imeunganisha, rilei imevutwa, na kuvutwa huko ndiko kunakokata umeme wa feni. Maji yakifika kama nyuzi 93 swichi inakata, rilei inaachia, na feni inazunguka. Yakishuka chini ya nyuzi 83 swichi inaunganisha tena na feni inazima. Toyota waliiweka hivyo ili waya wa swichi ukikatika au soketi ikichomoka, feni izunguke muda wote badala ya injini kuungua.

Shika hilo kabla ya kugusa kitu. Fundi aliyezoea magari mengine anachomoa soketi ya swichi, anaunganisha waya wake na bodi, anaona feni haijazunguka, na anamwambia mteja mota imekufa. Kumbe kwa kuunganisha waya na bodi ameiamuru feni izime.

Fanya kazi injini ikiwa ya baridi. Mfuniko wa rejeta usiuguse ikiwa ya moto. Na kila mara swichi ya gari, ile ya ufunguo, inapokuwa imewashwa, mikono, vitambaa na nyaya zako zikae mbali na mapanga, kwa sababu katikati ya vipimo hivi feni inaweza kuanza bila kukuaga.

Tunaanza na mota kwa sababu iko mwisho wa njia ya umeme na kuipima ni kazi ya dakika chache. Zungusha mapanga kwa kidole, swichi ya gari ikiwa imezimwa: yazunguke laini, bila kukwaruza wala kukaza sehemu moja. Kisha chomoa soketi ya mota na uilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili nene, huku waya wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampea 20 katikati. Fyuzi hiyo si urembo. Mota iliyoungua ndani inaweza kuwa imegusana, na bila fyuzi waya utakuunguza mkononi. Angalia rangi za nyaya upande wa gari ili usigeuze chanya na hasi, maana ukigeuza feni itazunguka kinyume na utadhani ni nzima.

Mota nzima inaanza papo hapo na kushika kasi bila kelele ya chuma. Ukiwa na mita ya kubana, feni ndogo ya aina hii huvuta ampea 6 hadi 10 hivi baada ya kushika kasi. Ikivuta 15 au zaidi, bushi zimekauka au koili zimeanza kuungua, na mota hiyo ndiyo inayochoma rilei mpya kila baada ya miezi michache. Kama haianzi mpaka uigonge kwa mpini wa bisibisi, kaboni zimekwisha. Kugonga kumekupa jibu tu. Usimrudishie mteja gari kwa sababu imezunguka, kwani ikisimama tena kwenye foleni kaboni zitakuwa pale pale. Isipozunguka kabisa ukiwa na uhakika nyaya zako zinapitisha, mota ni mbovu na utabadilisha. Ila hata hapo pima rilei kabla ya kufunga mpya.

Mota ikizunguka vizuri, irudishie soketi yake na hamia kwenye swichi ya joto. Ni kipande kidogo cha shaba chenye soketi ya plastiki, kilichofungwa mahali maji yanapopita, mara nyingi kwenye nyumba ya thamostati au sehemu ya chini ya rejeta. Usiichanganye na sensa ya geji wala sensa inayopeleka habari kwa kompyuta ya injini. Fuata waya kwa macho, na kama huna hakika, jaribio lenyewe litakuonyesha.

Injini ikiwa ya baridi, washa swichi ya gari bila kupiga stata. Feni ikae kimya. Sasa chomoa soketi ya swichi ya joto. Feni inatakiwa kuzunguka mara moja. Ikizunguka, njia yote ya umeme ni nzima: fyuzi, rilei, mota na nyaya. Kosa linabaki kwenye swichi, ambayo imeganda katika hali ya kuunganisha na haikati hata maji yakichemka. Huna haja ya kufungua kitu kingine.

Kabla ya kununua mpya, itoe na uipime kwenye sufuria. Ining'inize kwa waya ndani ya maji bila kugusa sehemu ya chini, weka kipimajoto kando yake, na unganisha mita kwenye mguu wake na bodi yake, au kwenye miguu miwili kama inayo. Chini ya nyuzi 83 mita isome kuwa imeunganika, juu ya 93 isome kuwa imekatika. Acha moto upande polepole, kwa sababu shaba inachelewa kidogo nyuma ya maji. Swichi ikipita mtihani huu lakini ikiwa kwenye gari feni haiwaki, tazama kiwango cha maji. Swichi iliyokaa kwenye hewa haipati joto la maji, na rejeta iliyopungua maji hufanya swichi nzima ionekane mbovu.

Ukinunua swichi, taja aina ya gari na injini, usilinganishe uzi wa skrubu tu. Swichi ya gari lingine inaweza kuingia sawasawa na ikafanya kazi kinyume.

Umechomoa soketi na feni imekaa kimya? Hapo sasa ni zamu ya rilei, na hapa ndipo pa kutulia. Kwanza fyuzi ya feni, ya ampea 30, kwenye boksi la chini ya boneti. Mahali pake pameonyeshwa kwenye mchoro wa ndani ya kifuniko. Usiitazame kwa macho tu, ipime kwa testa pande zote mbili swichi ya gari ikiwa imewashwa. Kama hakuna umeme upande wowote, rudi nyuma kwenye rilei kuu ya injini, kwa kuwa ndiyo inayoleta umeme wa feni swichi inapowashwa.

Fyuzi ikiwa nzima, zima swichi ya gari, chomoa rilei ya feni na ipime ikiwa mkononi. Ina miguu minne: jozi ya koili na jozi ya kupitisha umeme wa feni. Koili husoma ohmu kadhaa, mara nyingi kati ya 60 na 100. Jozi ya pili lazima iwe imeunganika rilei ikiwa haina umeme. Ukiipa koili volti 12 kutoka kwenye betri utasikia mlio mdogo na jozi hiyo ikatike. Kama haijaunganika wakati haina umeme, vidole vyake vya ndani vimeungua, na hiyo ndiyo sababu ya feni kutowaka.

Hapa kuna mtego mwingine. Rilei ya kawaida ya miguu minne inayouzwa kila duka inafanya kazi kinyume na hii. Ukiichomeka, feni itazunguka injini ikiwa ya baridi na itazima maji yakipata moto. Mteja ataondoka akiwa na furaha kwa sababu ameiona inazunguka, na atarudi akivutwa kwa kamba.

Tuseme rilei imepita, fyuzi ni nzima, mota ni nzima, na bado ukichomoa soketi ya swichi feni haizunguki. Rudi kwenye matundu ya rilei. Unganisha matundu mawili ya umeme wa feni kwa waya mnene na uwashe swichi ya gari. Feni ikizunguka, njia nene ni salama, na kosa liko kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi. Zima swichi ya gari, acha soketi ya swichi ya joto ikiwa imechomolewa, na pima kati ya tundu la waya huo na bodi. Isomeke imekatika. Ikisoma imeunganika, waya umechubuka na kugusa chuma mahali fulani, kwa hiyo rilei inavutwa muda wote na kuizuia feni, hata ubadilishe swichi ngapi. Fuata waya huo taratibu, hasa chini ya trei ya betri ambako asidi hula plastiki ya waya, na pale unapopita kwenye kona kali za chuma. Kwenye gari lenye kiyoyozi, swichi ya presha ya gesi nayo huweza kuwa kwenye njia hii hii, basi ichomoe pia kabla ya kuulaumu waya.

Na kama feni haizunguki hata baada ya kuunganisha matundu mawili, pima volti kwenye soketi ya mota ikiwa imeunganishwa, mita ikiwa kati ya nyaya mbili za mota. Inatakiwa kukaribia volti za betri. Ikiwa ndogo, kuna kutu kwenye soketi au waya wa bodi umelegea. Testa ya taa inaweza kuwaka vizuri hapo na bado mota isipate nguvu, kwa sababu taa inahitaji umeme kidogo sana.

Gari lisilo na swichi ya joto ya peke yake, kama Toyota nyingi za miaka ya 2000, linaamuliwa na kompyuta ya injini kupitia sensa. Kipimo cha mota na cha rilei vinabaki, ila jaribio la kuchomoa soketi halitumiki kama tulivyoeleza.

Ukimaliza, jaza maji, funga mfuniko, zima kiyoyozi na uache injini ikinguruma bila mwendo. Shika mpira wa chini wa rejeta mara kwa mara, ukiwa mbali na mapanga. Ukipata moto, feni inatakiwa kuwaka, izunguke dakika chache, izime, kisha iwake tena. Subiri ifanye hivyo mara mbili. Kama geji inapanda huku mpira wa chini ukibaki baridi, zima injini upesi: maji hayazunguki, na sasa unatafuta thamostati au hewa iliyonaswa, si feni.